Shilingi Ngapi, na kwa Kifungu Kipi?

Jumatatu ya tarehe 15 Mei 2023 maduka ya Kariakoo hayakufunguliwa. Kuanzia Mtaa wa Congo hadi Msimbazi na Aggrey, milango ya chuma ilibaki imeshushwa, na wateja waliosafiri kutoka mikoani na nchi jirani kuja kufunga mizigo walisimama barabarani hawana pa kuingia. Siku ya tatu, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana na wafanyabiashara viwanja vya Mnazi Mmoja. Walishika kipaza sauti mmoja baada ya mwingine, wakaeleza habari za usajili wa stoo, za kamatakamata na za kodi. Juni 2024 walifunga tena, na safari hiyo mgomo ukafika mikoani. Oktoba mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua tume ya kuangalia mfumo mzima wa kodi, mwenyekiti wake akiwa Balozi Ombeni Sefue.

Hayo yalitangazwa sana. Ambalo halitangazwi ni lile linalotokea siku za kawaida, mtu anapoletewa karatasi dukani, akaisoma mara ya kwanza, akaisoma tena, na bado hajui anadaiwa nini.

Tumchukulie mfanyabiashara mmoja wa pochi na mikanda, aliyepanga sehemu ya fremu pale Mtaa wa Congo pamoja na wenzake wawili. Jina lake halina haja hapa, maana mfano huu ni wa kutungwa, ingawa hesabu zake ni za sheria yenyewe. Mauzo yake ya mwaka ni shilingi milioni 10. Siku moja anapokea karatasi yenye nembo ya Mamlaka ya Mapato, TRA, inayosema kwamba kwa mujibu wa sheria husika na marekebisho yake anatakiwa kulipa kodi ya mapato shilingi 250,000, pamoja na riba na adhabu kama zilivyoainishwa kisheria, na kwamba akishindwa, bila kuathiri haki nyingine za Kamishna, hatua stahiki zitachukuliwa.

Kila neno hapo lina kazi yake kwa mwanasheria. "Bila kuathiri haki nyingine" maana yake ni kwamba Kamishna akitumia njia hii ya kudai, hajajifungia njia nyingine, kama vile kuiagiza benki imlipe kutoka kwenye akaunti ya mdaiwa. Lakini mwenye pochi na mikanda anabaki na maswali ambayo karatasi haikuyajibu. Hiyo 250,000 imepatikanaje? Riba ni kiasi gani mpaka leo? Adhabu ni ya kosa gani? Na sheria husika ni ipi, wakati sheria za kodi ziko nyingi?

Ana haki ya kuuliza, na haki hiyo inaanzia juu kabisa. Ibara ya 138 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Ofisa anayedai kodi anadai kwa nguvu ya kifungu fulani, mahali fulani, katika sheria yenye jina. Mtu akiuliza kifungu hicho hamkosei adabu ofisa, wala hakatai kulipa.

Kabla ya kuuliza, inafaa kwanza aitambue karatasi aliyonayo. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu karatasi tatu tofauti zinafanana sura. Ya kwanza ni barua ya hoja za ukaguzi. Ofisa amepitia hesabu, ameona jambo, anataka maelezo. Hapo kodi bado haijakadiriwa, na jibu lake ni vielelezo: risiti, ankara, daftari. Ya pili ni hati ya makadirio. Hapo Kamishna ameshaamua kiasi, na kuanzia siku hati inapomfikia mlipakodi, siku za kupinga zimeanza kuhesabika. Ya tatu ni barua ya madai, inayosema ulikadiriwa, hukulipa, lipa sasa. Aliyepokea hii ya tatu ndiye mwenye hali ngumu, kwa sababu akianza leo kubishana kuhusu kiasi, ataambiwa muda wa kupinga ulianza kuhesabika hati ya makadirio ilipomfikia, na sasa umekwisha. Hivyo akipokea barua ya madai wala hakumbuki kuona makadirio yoyote, swali lake la kwanza liwe hili: hati ya makadirio ilitolewa tarehe gani, iliwasilishwa kwangu lini, kwa njia gani, na nani aliipokea? Katika mitaa ambako fremu moja ina wapangaji watatu na barua huachwa kwa kijana aliyekuwepo mlangoni, au hutumwa kwa barua pepe iliyofunguliwa na aliyemsajili mtu miaka mitano iliyopita, swali hilo lina uzito mkubwa.

Kwa upande wa hati ya makadirio yenyewe, sheria imeshasema iwe na nini. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, Sura ya 438, inamtaka Kamishna aeleze kwa maandishi jina la mlipakodi na namba yake, kiasi cha kodi kilichokadiriwa na namna kilivyokokotolewa, sababu za kufanya makadirio hayo, tarehe ya mwisho ya kulipa, na muda, mahali na utaratibu wa kuweka pingamizi. Kwa hiyo mwenye pochi na mikanda anapouliza kiasi kimepatikanaje, anaomba kitu ambacho sheria imeshamwagiza ofisa akiandike. Haombi upendeleo.

Sasa tuingie kwenye ile 250,000. Kwa mfanyabiashara mdogo asiyetengeneza hesabu za mwaka zilizokaguliwa, kodi ya mapato inasomwa kwenye jedwali lililomo katika Jedwali la Kwanza la Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332. Marekebisho ya Sheria ya Fedha ya 2019 yaliweka mistari hii. Mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka halipi. Anayezidi milioni 4 lakini hajavuka 7 analipa 100,000 kama hatunzi kumbukumbu, na kama anatunza, analipa asilimia 3 ya mauzo yanayozidi milioni 4. Anayezidi milioni 7 lakini hajavuka 11 analipa 250,000 asipotunza kumbukumbu; akitunza, analipa 90,000 na asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 7.

Mtu wetu ameuza milioni 10. Kinachozidi 7 ni milioni 3. Asilimia 3 ya milioni 3 ni 90,000. Ukijumlisha na 90,000 ya mwanzo, unapata 180,000. Kumbe ile 250,000 haikutoka hewani. Ofisa amemweka kwenye safu ya wasiotunza kumbukumbu. Tofauti ya shilingi 70,000 yote imekaa juu ya swali moja: je, ana daftari la mauzo la kila siku na risiti za manunuzi, au hana? Karatasi iliyoandika "kwa mujibu wa sheria" tu imelificha swali hilo, na pengine ofisa mwenyewe hakuwahi kumuuliza.

Haki itendeke pande zote. Kama hana daftari, 250,000 ni halali na barua yoyote atakayoandika haitaipunguza. Daftari lililoandikwa usiku mmoja kwa kalamu moja, mauzo ya Januari hadi Desemba, ofisa wa kodi analitambua kwa kulitazama tu: wino ni uleule, karatasi hazina alama ya kushikwa, na namba hazilingani na risiti za manunuzi wala miamala ya simu. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, na anayeanza kutunza leo atafaidika kwenye makadirio yajayo. Ya mwaka uliopita hawezi kuyarudia.

Baada ya kodi yenyewe, kuna riba na adhabu. Hizi zitenganishwe na kodi, kila moja kwenye mstari wake, kwa sababu hukua kwa njia tofauti na hupingwa kwa hoja tofauti. Riba hutokana na kuchelewa kulipa. Huhesabiwa kila mwezi, na ya mwezi huu huongezwa kwenye deni kabla ya kuhesabu ya mwezi ujao. Kodi ya mapato ya mfanyabiashara wa aina hii hulipwa kwa awamu nne, mwishoni mwa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Deni la 250,000 lina awamu za 62,500, na la 180,000 lina awamu za 45,000. Kama kiasi cha msingi kilikosewa, basi riba ya kila awamu nayo imekosewa. Adhabu ni jambo jingine: inatozwa kwa kosa, mfano kuchelewesha ritani, na kila adhabu ina kifungu chake. Karatasi inayosema "riba na adhabu" kwa pamoja, bila tarehe ya kuanzia wala kiwango, haimwezeshi mtu kujua kama alichelewa kulipa, alichelewa kuwasilisha, au yote mawili.

Anayedhani kutenganisha huku ni mambo ya watu wadogo tu akumbuke Julai 2017, TRA ilipoipelekea kampuni ya madini ya Acacia makadirio ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi yaliyofika takriban dola za Marekani bilioni 190. Dunia nzima ilishtushwa na namba hiyo moja. Ilipopasuliwa, kodi ilikuwa kama bilioni 40, na bilioni 150 zilizobaki zilikuwa riba na adhabu. Yaani zaidi ya robo tatu ya dai haikuwa kodi. Mgogoro ule ulimalizwa kwa mazungumzo, na makubaliano yaliyotangazwa Oktoba 2019 na kampuni mama, Barrick, yalikuwa na malipo ya dola milioni 300. Kampuni ile ilikuwa na mawakili wa kuipasua namba. Mtaa wa Congo hauna, na ndiyo maana upasuaji huo unapaswa kuwa kwenye karatasi yenyewe.

Upande wa sheria nao una mitego yake. Maneno "na marekebisho yake" yanasomeka mepesi, lakini Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka, na kwa kawaida inaanza kutumika tarehe 1 Julai. Kodi ya mwaka fulani isomwe kwa sheria iliyokuwepo mwaka huo. Zaidi ya hapo, sheria zinapochapishwa upya, namba za vifungu huweza kusogea, kwa hiyo "kifungu cha 48" bila jina la sheria na toleo lake kinaweza kumpeleka msomaji mahali pasipohusika kabisa. Namna nzuri ya kuuliza ni kutaka vitu vitatu: jina la sheria na Sura yake, kifungu na kifungu kidogo, na mwaka wa mapato unaohusika.

Mfano mwingine uko kwenye ushuru wa huduma, unaodaiwa na Halmashauri ya Jiji na si TRA. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kwa miaka mingi ilisema ushuru huo utatozwa kwa kiwango kisichozidi asilimia 0.3 ya mauzo, baada ya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa. Angalia neno "kisichozidi". Linaweka dari, halitaji kiwango. Kiwango chenyewe kinatafutwa kwenye sheria ndogo ya halmashauri, iliyochapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba ya tangazo. Ilani ya halmashauri inayotaja sheria mama peke yake imemwonyesha mlipaji dari tu. Mlipaji aombe namba ya tangazo la serikali na mwaka wake, na pia aulize mauzo yaliyotumika yalichukuliwa wapi, na kama ongezeko la thamani liliondolewa kwanza.

Kuna pia suala la lugha. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Sheria Namba 1 ya marekebisho ya sheria mbalimbali, iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Hata hivyo, hati nyingi za kodi zinazotoka kwenye mifumo ya kompyuta bado zimejaa Kiingereza. Anayeandika kuomba ufafanuzi anaweza kabisa kuandika kwa Kiswahili na kuomba ajibiwe kwa Kiswahili. Ni vyema afanye hivyo hata kama anakijua Kiingereza cha kutosha, maana jibu hilo huenda likasomwa na mwenzake wa fremu, na mkewe nyumbani, na siku moja na wajumbe wa Bodi ya Rufani za Kodi.

Barua yenyewe haina haja ya kuwa ndefu. Ya mtu wetu ingeweza kuwa hivi: "Meneja, Mamlaka ya Mapato Tanzania, Mkoa wa Kikodi Kariakoo. Yah: Ombi la ufafanuzi wa hati ya makadirio. Nimepokea hati yenu yenye kumbukumbu namba hii, ya tarehe 3 Machi, niliyokabidhiwa dukani tarehe 14 Machi. Naomba kuelezwa kwa maandishi: kodi ya msingi ni kiasi gani, na imekokotolewa kwa mauzo yapi na kwa safu ipi ya jedwali, riba ni kiasi gani, kuanzia tarehe ipi na kwa kiwango gani, adhabu ni kiasi gani, ya kosa gani, na kwa kifungu kipi. Natunza kumbukumbu za mauzo, na nakala nimeambatanisha. Kwa hesabu yangu, kodi ni shilingi 180,000. Ombi hili haliondoi haki yangu ya kuweka pingamizi ndani ya muda wa kisheria." Chini anaweka jina, namba ya mlipakodi, simu na sahihi. Anakwenda na nakala mbili, moja anaiacha masjala, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, naye anaondoka nayo. Nakala isiyo na muhuri haitamsaidia baadaye, hata kama aliyeipokea ni mtu mwema.

Tarehe zile mbili za Machi ziliwekwa makusudi. Siku 30 za kupinga zinahesabiwa kuanzia siku hati ilipomfikia, 14 Machi, na si siku ilipochapwa. Tofauti ya siku 11 ni kubwa kwa mtu anayetafuta risiti za mwaka mzima kwenye maboksi.

Na hapa pana jambo ambalo mwandishi wa makala haya angependa kila mwenye fremu alijue kuliko yote yaliyotangulia. Barua ya ufafanuzi haisimamishi siku 30. Mtu anaweza kuandika barua nzuri wiki ya kwanza, akaambiwa "tunashughulikia, kaka, njoo Jumatatu", akaenda Jumatatu nne, na Jumatatu ya tano akaambiwa muda wa pingamizi umepita. Ofisa aliyemwambia hivyo huenda hakuwa na nia mbaya. Sheria ndivyo ilivyo. Kwa hiyo barua ya ufafanuzi iende mapema, na kama jibu halijafika siku 30 zinapokaribia kwisha, pingamizi liwasilishwe kwa sababu alizonazo, mojawapo ikiwa ni kwamba hati haikueleza namna kodi ilivyokokotolewa. Kama alikuwa mgonjwa, au alikuwa nje ya nchi akifuata mzigo, anaweza kuomba kuongezewa muda kwa maandishi, lakini aombe kabla siku hazijakwisha na aambatanishe ushahidi.

Pingamizi lina masharti ya fedha. Halipokelewi mpaka mlipakodi alipe kiasi asichokipinga, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Theluthi moja ya 250,000 ni 83,333 na ushee. Kiasi asichokipinga, kwa maneno yake mwenyewe, ni 180,000. Kikubwa ni 180,000, hivyo anailipa hiyo na kubaki akibishania 70,000. Angekuwa anapinga makadirio yote, angelipa theluthi. Asiyeweza hata hiyo anaruhusiwa kumwandikia Kamishna, aeleze sababu za maana, na kuomba apunguziwe au asamehewe sharti hilo. Nalo aliombe ndani ya muda uleule.

Malipo yafanyike kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo wa serikali, benki au kwenye simu, na risiti itunzwe pamoja na hati. Hakuna kodi inayolipwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Maneno "toa hii kidogo nikumalizie" yanayosemwa korido hayafuti makadirio kwenye mfumo, na miezi sita baadaye deni litarudi likiwa na riba ya miezi sita.

Kwa 70,000 wengi wataona bora walipe wamalize, na hawatakuwa na makosa kufikiri hivyo. Lakini katika mfano huu pingamizi huenda lisifike mbali, kwa sababu daftari likiwepo, ofisa anayelitazama ana uwezo wa kurekebisha makadirio palepale kwenye ngazi ya mkoa wa kikodi. Likikwama, Kamishna Mkuu ana miezi sita ya kuamua. Ikipita bila uamuzi, makadirio huhesabiwa kuwa yamethibitishwa, na mlipakodi anaruhusiwa kwenda Bodi ya Rufani za Kodi: taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 30, rufaa yenyewe ndani ya 45. Juu ya Bodi kuna Baraza la Rufani za Kodi, na juu yake Mahakama ya Rufani, ambayo husikiliza hoja za kisheria tu.

Mbele ya Bodi, mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi au yamekosewa uko kwa mlipakodi. Wajumbe watataka kuona hati ya makadirio na tarehe ilipopokelewa, nakala ya barua ya ufafanuzi yenye muhuri wa masjala, jibu la TRA kama lilitolewa, pingamizi lenyewe, risiti ya ile 180,000, na daftari la mauzo la mwaka unaobishaniwa.